Foleni, namba au miadi: saluni ya kiume yenye viti vitatu ichague nini?

Nimekaa kaunta ya saluni ya kiume Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka minne, na kabla ya hapo nilishika mashine mwenyewe. Swali ambalo wenye saluni huniuliza mara nyingi ni kama waanze kuchukua watu kwa miadi, maana Jumamosi jioni benchi linajaa hadi nje na wateja wanachungulia mlangoni, wanahesabu vichwa, wanaondoka. Hao wanaochungulia na kuondoka ndio wanaoniuma zaidi, kwa sababu hakuna daftari linalowaandika.

Nitalinganisha njia nne kwa saluni ileile, siku ileile, ili tofauti ionekane. Tuchukue mfano wa viti vitatu, Jumamosi, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Kichwa kimoja kinachukua dakika 30 kwa wastani, ukijumlisha kupangusa kiti, kubadilisha kitambaa na kusafisha mashine kwa spiriti. Kila kiti basi kinatoa vichwa 2 kwa saa, saluni nzima 6, na kwa saa hizo tatu ni 18, mwisho. Wanaokuja ni 24. Katika hao, 13 wanamtaka kinyozi wa kwanza, yule mwenye jina mtaani, 7 wanamtaka wa pili, na 4 hawana neno na wa tatu, kijana aliyeanza juzi.

Kila kinyozi na watu wake

Hivi ndivyo saluni nyingi zinavyokwenda bila hata kuamua. Mteja anaingia, anamsalimia kinyozi wake, anaambiwa "kaa hapo kaka, una wawili mbele yako," anakaa. Hakuna anayeandika chochote.

Kinyozi mwenye jina ananyoa 6 kwa saa tatu, na 7 wanabaki wanamsubiri. Wa saba katika hao atakaa kitini baada ya kusubiri saa tatu nzima, na atainuka saa 4 na nusu usiku. Wa pili naye ananyoa 6, anabaki mmoja. Kijana mpya amenyoa 4 na amekaa saa nzima anachezea simu. Jumla, vichwa 16 kati ya 18 vilivyowezekana.

Ukiangalia fedha za jioni hiyo utaona hasara ni vichwa viwili tu, na hapo ndipo wenye saluni wengi wanapodanganyika. Hasara kubwa iko kwa wale 7. Katika hali halisi hawasubiri saa tatu. Wanne au watano watakwenda saluni ya barabara ya pili, na kule wakinyolewa vizuri hawarudi. Njia hii ina sifa moja ya kweli: mteja anapata mkono anaouamini, na nywele ni jambo la kuaminiana. Kwa saluni ya viti viwili isiyojaa, iache ilivyo.

Foleni moja kwa wote

Hapa majina yote yanaingia kwenye orodha moja, na kiti kikiwa wazi anakwenda aliye juu. Sisi tulianza na namba za karatasi ngumu, tukaziacha baada ya wiki kwa sababu watu waliondoka nazo mfukoni. Ubao mweupe wenye jina na saa ya kuingia ulitufaa zaidi, kwani kila aliyekaa benchi anauona na anailinda nafasi yake mwenyewe.

Kwa hesabu yetu, vichwa 18 vyote vinanyolewa. Wanaingia 8 kwa saa na wanatoka 6, kwa hiyo benchi linaongezeka watu 2 kila saa. Saa 1 usiku wamebaki 6, na wa mwisho anasubiri saa moja. Kutoka saa tatu hadi saa moja, bila kuongeza kiti wala kinyozi.

Kikwazo ni yule mteja wa mkono mmoja. Ukimlazimisha akae kwa kijana mpya, atakaa huku amekunja uso, na kosa dogo la mstari wa paji litakuwa kubwa. Kanuni iliyotuokoa ni hii: anayemtaka kinyozi fulani anawekewa alama ya kinyozi huyo mbele ya jina lake. Zamu yake ikifika na kinyozi wake hayuko wazi, anayemfuata anapita, lakini yeye hashuki. Anabaki juu ya orodha hadi kiti chake kiwe wazi. Akiona wanne wamempita, wengi husema wenyewe, "basi dogo aninyoe." Hapo umeacha uamuzi mikononi mwake, na kijana amepata kichwa cha kuonyesha kazi.

Tatizo la pili linatoka kwa vinyozi. Wengi wanalipwa kwa asilimia ya vichwa walivyonyoa, na kinyozi mwenye jina akisikia foleni moja anahisi anaporwa. Mwonyeshe hesabu ya hapo juu: jioni hiyo ananyoa 6 kwa njia yoyote, maana mikono yake ni miwili. Wanaokwenda kwa wengine ni wale ambao yeye asingewafikia. Kwetu maneno hayakutosha. Tulikaa naye wiki mbili tukihesabu mbele yake ndipo akakubali.

Foleni moja pia inakupa namna rahisi ya kumjibu mteja anayeuliza "nitasubiri sana?" Hesabu waliokaa benchi, zidisha kwa dakika 30, gawa kwa viti vinavyofanya kazi. Watu 4 kwa viti 3 ni dakika 40. Mwambie 40, au 45. Usimwambie "sasa hivi tu kaka." Aliyeambiwa 45 akakaa 40 anaondoka ametulia, aliyeambiwa sasa hivi akakaa 20 amekwishaanza kulalamika. Anayetaka kwenda kununua vocha au kula aache namba ya simu, apigiwe wakibaki wawili mbele yake. Akiitwa hayupo, wawili wanapita, kisha jina lake linasimama palepale. Tulijaribu kumpeleka mwisho kabisa, ikawa ugomvi kila Jumamosi.

Miadi kwa kila mtu

Hii ndiyo wanayoitamani wengi, kwa sababu inaonekana ya kisasa. Mteja anapiga simu, anapewa saa, anafika, anakaa. Benchi tupu, saluni kimya, muziki wa chini.

Shida ni kwamba dakika 30 ni wastani. Kipara kinaisha kwa dakika 15, panki yenye mistari inafika 45, mtoto anayelia hajulikani. Ukipanga miadi kila baada ya dakika 30, mmoja akichelewa au kichwa kimoja kikichukua muda, wote wa nyuma wanasogea, na hadi saa 1 usiku unawaomba radhi watu waliokuja kwa saa waliyoahidiwa. Kwa hiyo unaweka nafasi, unapanga kila dakika 40. Sasa kiti kimoja katika saa tatu kinachukua watu 4, saluni nzima 12. Na hapo wote wamekuja. Wawili wasipofika unabaki na 10, huku waliopita mlangoni umewaambia umejaa.

Yaani utulivu wa yule mteja umelipwa kwa dakika za kiti kitupu. Saluni inayotoza bei mara mbili au tatu ya za jirani, yenye wateja wanaothamini muda kuliko fedha, inaweza kulipa gharama hiyo na ikafanya vizuri. Kinyozi anayefuata wateja majumbani hana njia nyingine. Lakini saluni ya mtaani inayoishi kwa wingi wa vichwa itapoteza theluthi nzima ya jioni yake bora, na mwenye saluni atashangaa mbona kila kitu ni kizuri na hesabu imeshuka.

Hospitali zilikutana na jambo hili zamani. Mwaka 1952 Norman Bailey, mtakwimu wa Uingereza, alichunguza miadi ya wagonjwa wa nje na akapendekeza wagonjwa wawili waitwe kwa wakati mmoja mwanzoni, kisha wengine wafuate mmoja mmoja kwa wastani wa muda wa daktari. Yule wa pili anakaa kama akiba, ili mmoja akikosekana daktari asikae bure. Saluni ya mtaani tayari ina akiba hiyo, nayo ni benchi. Anayeweka miadi kwa wote analifuta benchi, anabaki bila akiba.

Mchanganyiko: miadi moja kila saa, benchi linajaza

Hapa ndipo tulipotua, na ndipo ninapowashauri wengi waanzie.

Kiti cha kinyozi mwenye jina kinapokea miadi moja tu kila saa, saa kamili: saa 10, saa 11, saa 12. Miadi ikiisha, kiti hicho kinachukua mtu wa benchi hadi saa nyingine ifike. Viti vingine viwili vinanyoa foleni tu. Kichwa cha benchi kikichelewa dakika 10, mwenye miadi anasubiri hizo 10 na si zaidi. Miadi ikiisha mapema, benchi linaingia mapema. Ule muda wa akiba ambao miadi ya wote iliuacha ukipotea, hapa unanyolewa.

Asiyefika ndani ya dakika 10 amepoteza saa yake, siyo haki yake ya kunyolewa. Benchi linaingia, na akitokea dakika ya 15 anakuwa wa kwanza baada ya aliyeko kitini. Tulifikiria kuomba kianzio kwa simu kwa kila miadi, tukaona kinawakimbiza watu wazuri. Sasa tunakiomba kwa yule aliyewahi kukosa mara mbili bila kutoa taarifa, shilingi 2,000 ambayo inakatwa kwenye malipo yake.

Lakini hadi hapa miadi haijaongeza kitu. Viti vitatu ni vitatu, 18 ni 18. Mwenye saluni akilielewa hili ameelewa karibu kila kitu: miadi haiongezi nguvu ya saluni hata kwa kichwa kimoja. Faida yake ni kuwahamisha watu kutoka saa iliyojaa kwenda saa iliyo tupu. Jumamosi ileile kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi vinyozi wanakaa wanaangalia barabara. Jumanne nzima inapita hivyo.

Kwa hiyo wale 13 wanaomtaka kinyozi mwenye jina, uwapange: 3 wanapata miadi ya jioni, na 5 unawashawishi waje asubuhi, mkono wao uleule, bila foleni. Waliobaki 5 wanachagua benchini. Jioni sasa wanakuja 19 badala ya 24. Kati yao 3 ni wa miadi, 16 ni wa benchi, na benchi linanyolewa vichwa 15 katika saa tatu. Anabaki mmoja. Kusubiri kwa wa mwisho kumeshuka kutoka saa moja hadi kama dakika 12.

Nisikudanganye: watu hawaingii kwa mpangilio. Wanakuja wanne pamoja baada ya mpira, kisha nusu saa kimya. Kwa hiyo kwenye benchi halisi tegemea dakika 20 hadi 30. Hata hivyo watano tu waliohama ndio wameleta tofauti hiyo, na vichwa vyao vitano vya asubuhi ni vya ziada kabisa, kwenye saa ambazo umeme na kodi ulikuwa ukizilipia bure.

| Njia | Wanaonyolewa, saa 10 hadi saa 1 | Wa mwisho anasubiri |
|---|---|---|
| Kila kinyozi na watu wake | 16 | saa 3 |
| Foleni moja | 18 | saa 1 |
| Miadi kwa wote | 12, au pungufu | karibu hakuna |
| Mchanganyiko, watano wakihamia asubuhi | 18, na 5 wa asubuhi | dakika 12 kwa hesabu |

Kuwahamisha hao watano kunataka ujue nani anaweza kuhama. Mwajiriwa anayetoka kazini Jumamosi mchana hawezi, mwache. Dereva wa bodaboda, mwenye duka anayefungua saa 4, mzee mstaafu, mlinzi anayetoka zamu ya usiku, hao wanaweza. Wakati mzuri wa kuwauliza ni pale wanapolipa, wamejiangalia kwenye kioo na wameridhika: "Kaka, kichwa chako huwa kinarudi baada ya wiki mbili. Nikuandikie Jumanne ile, saa 3 asubuhi, ukifika unakaa?" Tulianza na punguzo la shilingi 1,000 kwa asubuhi, tukaliacha, kwa sababu walilichukua zaidi wale ambao wangekuja asubuhi hata bila punguzo. Kilichowavuta wengine ni uhakika wa kuinuka kabla ya saa 4.

Kuna sharti moja gumu kuliko yote. Kinyozi mwenye jina lazima awepo saa 2 asubuhi. Wengi wao wamezoea kufika saa 5, na mteja uliyemwahidi saa 3 akikuta kiti tupu, umempoteza yeye na wote atakaowasimulia. Usiandike miadi hata moja ya asubuhi kabla hujakubaliana naye kwa siku zipi na akifika mapema ataondoka saa ngapi.

Pale mchanganyiko unapovunjika

Ugomvi wa kwanza utatoka benchini. Mtu amekaa nusu saa, anaingia mwingine, anavua kofia, anakaa kitini moja kwa moja. Hata kama ana miadi, aliyekaa anaona ameonewa. Ndiyo maana miadi lazima iwe kwenye ubao uleule, safu ya pembeni, na saa yake imeandikwa tangu asubuhi. Mteja akiinua macho akaona "saa 11, miadi", hata kama hakufurahi, ameelewa.

Ugomvi wa pili unatoka kwa vinyozi wenyewe. Mshkaji anapiga simu moja kwa moja, "niwekee, nakuja," na kinyozi anakubali bila kumwambia mtu. Mara moja au mbili kwa siku, na ubao umekuwa pambo. Tuliamua kwamba miadi inaandikwa kaunta tu, hata ya mdogo wake mwenye saluni. Anayempigia kinyozi anaelekezwa namba ya kaunta. Na mzazi mwenye watoto watatu anaandika majina matatu. Jina moja ubaoni lisigeuke vichwa vitatu.

Skrabu na kupaka rangi nazo zinaweza kuua mpango wote zikifanyika kwenye kiti cha mashine. Mteja aliyenyolewa ahamie kiti cha pembeni au sinki, dada wa skrabu amshughulikie huko. Dakika 20 za uso kwenye kiti cha kunyolea ni theluthi mbili za muda wa kichwa cha mtu mwingine. Nafasi ikikosekana, usifanye skrabu saa za msongamano. Lakini usijaribu kuokoa dakika kwenye kusafisha mashine. Nunua mashine ya ziada kwa kila kiti, moja ikisafishwa nyingine inyoe, na wembe uwe mpya kwa kila mtu.

Siku za mkesha wa Idi na Krismasi, na zile siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, futa miadi yote. Siku hizo hakuna saa tupu ya kumhamishia mtu. Saluni imejaa tangu asubuhi. Foleni moja, kunyoa na ndevu tu, na kinyozi wa nne wa kupokezana ili kiti kisilale wakati mwingine anakula. Ijumaa nayo ina sura yake kwa mitaa yenye Waislamu wengi, kwani msongamano unakuja asubuhi kabla ya sala, kwa hiyo miadi yako ya asubuhi usiielekeze huko.

Umeme ukikatika, mashine za chaji zitakubeba saa chache. Kazi ya kwanza ya kaunta ni kuwapigia wenye miadi ya saa mbili zijazo, kabla hawajatoka nyumbani.

Utajuaje kama imekubali

Huhitaji kumpima kila mteja kwa saa ya mkononi. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni wa Marekani, alithibitisha kanuni inayotumika popote watu wanaposubiri: wastani wa waliopo kwenye foleni ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara muda wanaosubiri. Kaunta ihesabu benchi kila nusu saa na kuandika. Wastani ukiwa watu 4 na wanaoingia ni 6 kwa saa, wastani wa kusubiri ni 4 gawa kwa 6 ya saa, yaani dakika 40. Fanya hivyo Jumamosi mbili kabla ya kubadilisha chochote, na Jumamosi mbili baada ya mwezi.

Pamoja na hesabu hiyo, andika mstari kwa kila anayechungulia na kuondoka. Benchi likipungua huku mistari hiyo ikiongezeka, foleni yako haijapungua kwa sababu ya mpango, watu wamekukimbia. Pengine ubao umejaa miadi na mgeni anayeingia anaona hana nafasi. Hapo punguza miadi ya jioni, hata ikibaki moja kwa saa mbili. Benchi likipungua na mistari ikapungua pia, angalia hesabu ya vichwa vya Jumanne na ya Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo wale watano wanapotakiwa kuonekana.